Ziada ya chupa inatoka wapi? Kupima faida na matokeo katika kikundi cha plastiki, Kwihara

Mara nyingi baada ya vipindi vyetu vya mazingira na ujasiriamali tunapata swali la aina moja kutoka kwa vikundi vya akina mama. Wameanza kuokota makopo, yaani chupa tupu za maji na soda, wanataka kukua, wameandika andiko la mradi, na sehemu moja inawatatiza. Wanaambiwa andiko lioneshe faida, na wakati huo huo lioneshe matokeo kwa jamii na kwa mazingira. Faida wanajua kuiandika. Kwenye matokeo wanaandika, "Tutakusanya tani kadhaa kwa mwaka na kuwainua wanawake kiuchumi," kisha wanapiga mhuri.

Sentensi hiyo haipimi kitu. Hapa tunaeleza namna ya kuipima, kwa kutumia kikundi cha mfano ambacho tumekiweka Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Tunasema cha mfano kwa sababu bei na kilo utakazozisoma tumezipanga wenyewe ili hesabu ifuatike. Ukiwa na kikundi chako, futa namba zetu uweke zako.

Kwihara tumeichagua kwa sababu moja: umbali. Wageni wanaoifahamu wanaifahamu kwa tembe la Livingstone. Mwaka 1872, Stanley alipoondoka kurudi pwani katikati ya Machi, Livingstone alibaki Kwihara mpaka tarehe 25 Agosti akisubiri wapagazi waletwe kutoka pwani. Zaidi ya miezi mitano alikaa pale kwa sababu hakuwa na watu wa kubeba. Misafara iliyopita hapa ilibeba pembe za ndovu, mzigo ambao thamani yake ilitosha kumlipa mpagazi mpaka Bagamoyo na bado tajiri akapata chake. Chupa tupu ni kinyume cha pembe. Inachukua nafasi kubwa, uzito wake ni mdogo, bei yake ni ndogo, na viwanda vikubwa vinavyoinunua viko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800 kutoka hapa. Kikundi kilicho karibu na kiwanda kinaweza kukosea hesabu kikasalimika. Cha Kwihara hakina nafasi hiyo.

Kilo ipi inahesabiwa

Kikundi chetu kina akina mama 18. Kimepanga chumba cha stoo, kina mizani, na kinanunua chupa kutoka kwa wanachama wake kwa shilingi 250 kwa kilo. Mwezi mmoja wa kiangazi mizani ya getini imepokea kilo 2,400. Mwenyekiti akiandika ripoti, namba hiyo ndiyo ataiweka juu.

Lakini kilo 2,400 si kilo zilizopata kazi. Zikichambuliwa, mzigo uliopanda lori kwenda kwa mnunuzi una kilo 2,000. Vifuniko vilivyotengwa ni kilo 130, viko stoo vinasubiri vijae. Mabaki, maana yake lebo, udongo na chupa ambazo mnunuzi hazitaki, ni kilo 170. Jumlisha, utapata 2,300. Kilo 100 hazipo.

Hesabu hii ifanywe kila mwezi bila kukosa: kilo zilizokuwepo stoo mwanzo wa mwezi, ongeza zilizoingia, ziwe sawa na zilizouzwa, mabaki, na zilizobaki stoo. Zisipolingana, ama kuna mtu anatoa mzigo usiku, ama mizani ina tatizo, ama mmenunua maji. Mara nyingi ni maji. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu kumi na kitu, na kijiko kikubwa kimoja cha maji kina gramu 15. Kijiko hicho kikibaki ndani, chupa moja imelipwa kama mbili. Wala si lazima mtu awe amedhamiria kuiba. Asubuhi ya umande au baada ya mvua chupa huja zikiwa hivyo. Dawa yake ni kanuni ya getini: chupa haipandi kwenye mizani ikiwa na kifuniko au ikiwa haijabonyezwa. Kilo 100 kwa shilingi 250 ni shilingi 25,000 zilizolipia maji. Mizani nayo ipelekwe kwa Wakala wa Vipimo ikahakikiwe, kwani mnunuzi atapima kwa ya kwake, na mkikosana mtahitaji ushahidi.

Kwenye uchambuzi hatutakaa sana. Angalia namba ndani ya pembetatu chini ya chupa. Chupa nyingi za maji na soda ni namba 1, vifuniko vyake ni namba 2 au namba 5. Namba ikiwa imefutika, kata kipande ukitumbukize kwenye ndoo ya maji: namba 1 inazama, namba 2 na 5 zinaelea. Angalizo ni kwamba namba 3 nayo inazama, na vipande vichache vyake vinaharibu mzigo mzima wa namba 1, kwa hiyo kitu kinachozama na hakina sura ya chupa ya maji au soda kiwekwe pembeni. Mzigo uliokataliwa Dar es Salaam hauna nauli ya kurudi.

Kwa hiyo kilo ya kuandika kwenye matokeo ni ile iliyopokelewa na mnunuzi, kwa risiti yake. Kilo 2,000. Hata hiyo bado haijaiva.

Chupa ingekuwa wapi bila ninyi

Mtu anayejua kupima matokeo atawauliza swali ambalo vikundi vingi havijajiandaa nalo: kama kikundi kisingekuwepo, chupa hizi zingeenda wapi?

Tabora ina jibu lake. Hapa ni kwenye asali, na asali yetu nyingi inauzwa barabarani na sokoni ndani ya chupa zilizokwisha kutumika. Chupa nzima, safi, yenye kifuniko, tayari ina soko. Inabeba asali, mafuta ya kula, maziwa, mafuta ya taa. Mwanachama akiinunua chupa hiyo kutoka kwa mtu ambaye angeiuzia asali, ameiondoa kwenye kazi na kuipeleka kusagwa. Kikundi kimepata kilo. Mazingira hayakupata kitu, na muuza asali sasa anatafuta chupa nyingine.

Kundi la pili ni chupa zinazonunuliwa kutoka kwa vijana wanaookota makopo. Ikiwa vijana hao walikuwa wanamuuzia mnunuzi wa chakavu mjini tangu zamani, chupa ilikuwa njiani kwenda kiwandani hata kabla yenu. Mmebadilisha mikono tu. Ni biashara halali na inaleta faida, ila kwenye safu ya matokeo ya mazingira haina kitu.

Zinazobaki ni chupa za mtaroni, za shambani, za nyuma ya baa ambako zilikuwa zinachomwa moto kila jioni, na za dampo. Hizo ndizo zilizookolewa kweli.

Kuzitenganisha hakuhitaji mtaalamu. Daftari la getini liwe na safu tatu badala ya moja. Anayeleta mzigo aulizwe umetoka wapi, kilo ziandikwe kwenye safu yake: za kuokota, za kununua kwa waokotaji wengine, na zilizokuwa zinatumika. Tuseme katika kilo 2,000 zilizouzwa, 500 zilinunuliwa kwa vijana ambao tayari walikuwa na mnunuzi, na 150 ni chupa nzima ambazo zingebeba asali. Matokeo ya mazingira kwa mwezi huo ni kilo 1,350. Namba imepungua kwa karibu theluthi, lakini afisa yeyote akija kuihoji, daftari litajibu.

Namba ndogo yenye daftari tunaiona bora kuliko kubwa isiyo nalo, na sababu si uaminifu peke yake. Ukiwa na safu tatu unaona kitu ambacho safu moja inakificha. Safu ya "za kununua" ikianza kupanda mwezi hadi mwezi huku ya "za kuokota" ikishuka, kikundi kinageuka kuwa dalali. Faida inaweza hata kuongezeka. Ila wale mliowaambia kwamba mnasafisha mitaro watakuja kuiona mitaro.

Na mabaki nayo yapimwe yanapokwenda. Kilo 170 zikichomwa nyuma ya stoo, moshi ule ni matokeo yenu pia, na una nafasi yake kwenye ripoti, upande wa hasara.

Ziada iliyotoka mgongoni

Sasa twende kwenye fedha, kwani hapa ndipo tunapotaka msomaji akae kidogo.

Mnunuzi wa Dar es Salaam analipa shilingi 700 kwa kilo mzigo ukifika kwake. Kilo 2,000 zinaleta 1,400,000. Gharama ziko hivi: wanachama wamelipwa 600,000 getini, lori limechukua 350,000, pango la stoo 60,000, kupakia na kushusha 50,000, mifuko ya salfeti na glavu 50,000, simu na vitu vidogo vidogo 40,000. Jumla 1,150,000. Imebaki ziada ya shilingi 250,000. Andiko lililoandikwa kwa faida peke yake linaishia hapa, na wote wanapiga makofi.

Fungua daftari la pili, la saa. Kila mwanachama anaokota saa tatu kwa siku, siku 20 kwa mwezi: saa 60. Kisha kuna siku mbili za pamoja za kuchambua, kusafisha na kufunga mzigo, saa sita kila siku. Hizo 12 hakuna aliyelipwa, wameziita kazi za kikundi. Jumla ni saa 72 kwa kila mama.

Shilingi 600,000 kwa watu 18 ni 33,333 kila mmoja. Hata ziada yote ikigawanywa bila kubakiza senti, inaongeza 13,889, anafikia 47,222. Gawanya kwa saa 72: shilingi 656 kwa saa. Na hiyo ni dari, kwa sababu ushirika uliosajiliwa unatakiwa kutenga akiba kabla ya kugawana ziada, na hata ambao haujasajiliwa utahitaji fedha ya kununulia mzigo wa mwezi ujao.

Linganisha na kibarua cha shamba. Tuchukulie asubuhi moja ya saa tano inalipa 5,000, yaani shilingi 1,000 kwa saa. Kikundi kizima kimefanya kazi saa 1,296. Kama zingelipwa kwa bei ya kibarua, zingegharimu 1,296,000. Zimelipwa 600,000. Pengo ni 696,000, na ziada iliyopigiwa makofi ni 250,000. Kwa hesabu hiyo biashara imepata hasara ya 446,000, na walioilipa ni wanachama, kwa migongo yao.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba matokeo na faida visiandikwe kwenye sura mbili za andiko zisizoonana. Faida ya kikundi cha namna hii inaweza kutengenezwa kirahisi sana: punguza bei ya getini kutoka 250 hadi 200, na ziada inapanda kwa 120,000 bila mtu yeyote kufanya kazi nzuri zaidi. Msoma hesabu aliye mbali ataona kikundi kinakua.

Je, kikundi kifungwe? Tusikimbilie huko. Swali lile la chupa, lingekuwa wapi bila ninyi, lirudishwe kwa mama mwenyewe: saa hizo tatu angezitumia kwa nini? Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Desemba na Januari shamba lake mwenyewe linamwita, na vibarua vipo. Saa moja ya kuokota makopo wakati huo ina bei kubwa, hata kama haionekani kwenye daftari, na mahindi yaliyokosa palizi yatamkumbusha baadaye. Agosti mambo ni tofauti. Kibarua hakuna, na shilingi 656 kwa saa inaweza kuwa bora kuliko kitu ambacho angepata kwingine. Basi kila mwezi mwanachama aulizwe swali moja, jibu liandikwe: umeacha kazi gani ili kuja huku? Baada ya mwaka kikundi kitajua miezi ipi kinawasaidia wanachama na miezi ipi kinawala.

Kwa kikundi chetu cha mfano hilo linaelekeza mpango wenyewe. Kuokota kwa nguvu kuwe Mei hadi Oktoba. Mvua zikianza, kazi ya nje ipungue, mzigo uliolimbikizwa stoo uchambuliwe jioni na siku ambazo shamba limelowa mno. Mtu anayetoa mkopo anaweza kupenda mapato yaliyo sawa kila mwezi. Aoneshwe kalenda ya kilimo.

Namba moja inayohudumia pande zote mbili

Katika kila biashara ya aina hii tunatafuta kipimo kimoja ambacho kikipanda, faida na matokeo vinapanda pamoja. Kwa kikundi cha Kwihara kipimo hicho ni kilo kwa saa ya kuokota.

Kilo 2,400 kwa saa 1,080 za kuokota ni kilo 2.2 kwa saa. Ni kutembea kwingi kwa chupa chache. Sasa kikundi kikikubaliana na baa, nyumba za kulala wageni, shule na wauza maji wa stendi, kila sehemu ikawekewa salfeti moja inayokusanywa kwa zamu na mkokoteni, kilo kwa saa zinaweza kufika nne. Mzigo ni ule ule, bei ile ile, lakini saa za kuokota zimeshuka kutoka 60 hadi kama 33 kwa kila mama. Ongeza 12 za uchambuzi, zinakuwa 45. Shilingi 47,222 kwa saa 45 ni zaidi ya 1,040 kwa saa. Amempita kibarua, bila bei ya Dar es Salaam kupanda hata shilingi moja.

Kuna mtego. Mwenye baa akishaona chupa zake zina wanaozitaka, ataanza kudai chochote. Hata mkimlipa yeye na wenzake shilingi 50 kwa kila kilo ya mzigo wote, ziada inashuka hadi 130,000, na saa ya mwanachama inakuwa karibu 895. Bado ni zaidi ya 656. Hata hivyo mjue mapema kiwango ambacho mkikivuka ni afadhali mrudi mtaroni.

Mtego wa pili una watu ndani yake. Nyuma ya baa ile huenda kulikuwa na kijana aliyekuwa akichukua chupa hizo kila asubuhi. Kikundi kikipata makubaliano, yeye amepoteza. Mpango unaopima matokeo unamwandika naye, na ikiwezekana unamfungulia mlango wa uanachama au bei ya haki getini.

Kuhusu usafiri, tofauti kubwa inaletwa na kubana. Mita moja ya ujazo ya chupa zisizobanwa ina kilo 20 hadi 40 tu, kutegemea zilivyobonyezwa. Lori linasafirisha hewa. Zikibanwa kwenye sanduku la mbao au chuma kwa jeki na kufungwa robota, nafasi ile ile inabeba mara kadhaa zaidi. Malori mengi yanayoleta bidhaa Tabora hurudi Dar es Salaam na nafasi, na dereva anayerudi mtupu anakubali bei ambayo wa kwenda hatakubali. Robota lililofungwa vizuri linapakiwa kwa nusu saa. Salfeti 150 zenye lumbesa zitamfanya aondoke.

Hapo ndipo huja hamu ya mashine ya kusaga. Tunaielewa, maana chenga zina bei nzuri kuliko chupa. Ila chenga zilizochanganyika haziwezi kuchambuliwa tena kwa macho, visu vinahitaji kunolewa, umeme unalipwa hata mwezi ambao mzigo ni mdogo, na mama aliyekuwa anachambua kwa mkono sasa yuko kwenye vumbi na kelele. Jeki kwanza. Mashine ije baada ya mwaka mzima wa daftari linaloonesha kilo za kuilisha.

Wengine wanauliza kwa nini wasiachane na safari ya Dar es Salaam wakatengeneza matofali hapa hapa, kama walivyoona kwa Gjenge Makers ya Nairobi, kampuni ya Nzambi Matee. Ni mfano mzuri, lakini tofali lile linatokana na mchanga na plastiki za namba 2, 4 na 5. Chupa za maji za namba 1 hazitumiki. Kikundi ambacho karibu mzigo wake wote ni namba 1 kikianzisha tanuri, kitakuwa na malighafi kidogo na chupa zilezile zikiendelea kusubiri lori. Kuyeyusha plastiki kwenye pipa la wazi uani hatukushauri hata kwa majaribio. Moshi wake hauna salama.

Namba ikiwa mkononi, ipelekwe kwa nani

Ipo jamii iliyotumia namba za namna hii kupata kitu zaidi ya sifa. Katika mji wa Pune, India, waokota taka, wengi wao wanawake, waliunda chama chao mwaka 1993, kiitwacho Kagad Kach Patra Kashtakari Panchayat. Mwaka 2001 ulifanyika uchunguzi, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, uliokadiria kwa fedha ni gharama kiasi gani za kuzoa na kutupa taka ambazo manispaa ilikuwa inaziepuka kwa sababu ya kazi yao. Chama kilikwenda na hesabu hiyo mezani. Miaka iliyofuata manispaa ilianza kuwalipia waokotaji waliosajiliwa bima ya afya, na mwaka 2008 ushirika wao, SWaCH, ukaingia makubaliano na manispaa ya kukusanya taka mlango kwa mlango.

Kwa kikundi cha Kwihara hesabu yake ni hii. Halmashauri inalipia taka kwa safari za gari, na gari la taka hujaa kwa ujazo kabla ya uzito. Kilo 1,350, tukichukulia kilo 25 kwa mita ya ujazo, ni mita 54. Kwa tipa la mita 10 ni zaidi ya safari tano kila mwezi. Lakini mdai zile tu ambazo gari lingezifuata. Chupa iliyokuwa mtaroni Kwihara, ambako gari la taka halipiti, haijaipunguzia halmashauri safari yoyote. Ina faida nyingine, siyo hiyo. Chupa ya baa za mjini, ambako gari linapita, ndiyo ya kuhesabu. Afisa wa usafi anajua gari lake linapita wapi kuliko ninyi, na mkimpelekea safari tano akakuta mbili, hata hizo mbili atazitilia shaka.

Halmashauri nayo ina mlango wake wa fedha: asilimia 10 ya mapato yake ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati yake ni ya wanawake. Ila kabla ya kuomba mkopo, tungependa kikundi kijiulize kama kinachokosekana ni fedha kweli. Katika hesabu yetu, kilichoinua saa ya mwanachama kutoka 656 hadi 1,040 ni salfeti kwenye baa, mkokoteni na barua ya utambulisho inayomwezesha mama kuingia nyuma ya nyumba ya wageni bila kufukuzwa. Barua hiyo haina marejesho.

Jambo la mwisho la daftari, ambalo vikundi husahau: ukurasa wa majeraha. Chupa iliyovunjika, msumari, sindano ya zahanati iliyotupwa na taka za kawaida. Kila tukio liandikwe, na siku ngapi mtu alikaa nyumbani, na matibabu yaligharimu nini na nani alilipa. Ukurasa ukionesha kwamba dampo ndilo linaloumiza watu mara nyingi huku likileta kilo chache, uamuzi wa kuliacha utakuwa rahisi. Jozi 18 za glavu nzito na viatu vigumu ni gharama iingie kwenye mpango tangu mwezi wa kwanza, si zawadi ya kusubiri mfadhili.

Andiko lenyewe lisianze kuandikwa sasa. Nunueni daftari lenye mistari mipana, chora safu za kilo, chanzo, saa na majeraha, mteueni anayeandika na mwingine anayekagua kila Ijumaa, mfunge miezi mitatu. Ukianza Aprili mwishoni, mvua zikikatika, ikifika Agosti utakuwa na namba zako mwenyewe za kuweka mahali tulipoweka zetu.